Kuzidisha vipimo maabara: tarakimu ngapi zibaki kwenye jibu

Mezani pana kipande cha mbao ya mfenesi na rula ya kawaida ya sentimita 30. Mwanafunzi amepima urefu akapata sentimita 18.4, upana 5.7 na unene 1.8. Anazidisha ili apate ujazo, na kikokotoo kinamwonyesha 188.784. Mwongozo huu ni wa kumsaidia kuamua ni tarakimu zipi kati ya hizo sita aziandike kwenye daftari, zipi aziache, na aziache wakati gani.

Nimechagua mbao kwa makusudi. Hapa Pemba kipande kama hicho hakimshindi mtu: ukipita kwa fundi seremala, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, hutakosa masalia ya mfenesi chini ya meza yake. Mwombe kipande kikavu kilichopigwa randa pande zote sita, chenye pembe zilizokaa mraba. Hilo la pembe lina uzito wake. Urefu mara upana mara unene ni kanuni ya umbo la kisanduku, na kipande kikiwa kimepinda au upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, hakuna ufundi wa kukadiria utakaoliokoa jibu.

Andika kipimo kama kilivyosomwa

Kazi ya tarakimu muhimu huanzia kwenye rula. Alama ndogo kabisa ya rula ni milimita moja, yaani sentimita 0.1. Kwa hiyo kila kipimo cha rula kilichoandikwa kwa sentimita kiwe na tarakimu moja baada ya nukta, hata kama tarakimu hiyo ni sifuri. Ukingo wa mbao ukiangukia sawasawa kwenye alama ya 18, andika 18.0. Ukiandika 18 tupu, msomaji ataelewa kwamba uliishia kwenye sentimita nzima, na umemnyima taarifa uliyokuwa nayo mkononi. Sifuri hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayosema kwamba uliangalia milimita na ukaikuta haipo.

Weka jicho juu ya alama moja kwa moja unaposoma, kwani ukitazama kwa ubavu kipimo huhama milimita moja au zaidi. Rula za mbao za maabara nazo huwa zimelika kwenye ncha. Kama ya kwenu imelika, anza kupimia kwenye alama ya sentimita 1 na uitoe mwishoni.

Sasa hesabu tarakimu muhimu za kila kipimo. Tarakimu isiyo sifuri huhesabiwa daima. Sifuri iliyo kati ya tarakimu mbili zisizo sifuri huhesabiwa, kama kwenye 10.7. Sifuri iliyo mwishoni baada ya nukta huhesabiwa, kama kwenye 18.0. Sifuri za mwanzo hazihesabiwi, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mahali pa nukta tu: 0.018 ina tarakimu muhimu mbili. Njia rahisi ya kujihakikishia ni kubadilisha kizio. Sentimita 1.8 ni sawa na mita 0.018 na ni sawa na milimita 18. Mbao haikubadilika na rula haikubadilika, basi na idadi ya tarakimu muhimu haiwezi kubadilika. Ni mbili kote.

Kwa mbao yetu, 18.4 ina tarakimu tatu, 5.7 ina mbili na 1.8 ina mbili. Ziandike pembeni ya jedwali kabla hujagusa kikokotoo.

Kanuni, na sababu yake

Kanuni ya kuzidisha na kugawanya ni hii: jibu lichukue tarakimu muhimu sawa na za kile kipimo chenye tarakimu muhimu chache zaidi. Hapa chache zaidi ni mbili, basi jibu ni tarakimu mbili. 188.784 inakuwa sentimita za ujazo 190.

Wanafunzi wengi hulikubali hilo kwa shingo upande. Wanaona wametupa namba nzuri, sahihi, iliyotoka kwenye mashine. Ndiyo maana napendelea waione sababu kwa macho yao, na inachukua dakika tano tu za hesabu.

Mtu akiandika unene ni 1.8 kwa rula hiyo, anachosema hasa ni kwamba unene uko mahali fulani kati ya 1.75 na 1.85. Kama ungekuwa chini ya hapo angeandika 1.7, na kama ungekuwa juu ya hapo angeandika 1.9. Vivyo hivyo upana uko kati ya 5.65 na 5.75, na urefu kati ya 18.35 na 18.45. Chukua mipaka yote ya chini uizidishe, kisha mipaka yote ya juu:

```
18.35 x 5.65 x 1.75 = 181.4
18.45 x 5.75 x 1.85 = 196.3
```

Ujazo wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 181 na 196. Sasa irudie ile 188.784. Tarakimu ya kwanza, 1, haina shaka. Ya pili, yaani 8, tayari inatikisika, kwani inaweza kuwa 9. Ya tatu inaweza kuwa yoyote kuanzia 0 hadi 9. Kama ya tatu haijulikani, basi .784 iliyoifuata haina habari yoyote kuhusu mbao. Ni matokeo ya kuzidisha tu.

Tuangalie pia ni kipimo kipi kilichosababisha upana huo wote wa shaka. Kila kipimo kina shaka ileile ya nusu milimita. Lakini nusu milimita kwenye urefu wa milimita 184 ni kama asilimia 0.3, kwenye upana wa milimita 57 ni kama asilimia 0.9, na kwenye unene wa milimita 18 inafika karibu asilimia 3. Unapozidisha vipimo, asilimia hizo ndizo zinazojumlishana: hapa jumla ni karibu asilimia 4. Unene peke yake umebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwa hiyo unapopanga jaribio lolote la kuzidisha, jiulize kwanza kipimo kipi ni kifupi zaidi, kwa sababu hicho ndicho kinachotaka chombo bora. Urefu unaweza kuupima kwa uangalifu wa kila aina na ujazo usinufaike nao.

Kadiria mara moja, mwishoni

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, na si kwa sababu mwanafunzi haijui kanuni. Anaijua, ila anaitumia mapema.

Fuatilia hesabu ya mwanafunzi anayekadiria kila hatua. Anazidisha 18.4 kwa 5.7, anapata 104.88. Anakumbuka kwamba tarakimu muhimu ni mbili, anaandika 100. Kisha 100 mara 1.8, anapata 180. Anaandika sentimita za ujazo 180, na tarakimu muhimu ni mbili kama ilivyotakiwa.

Lakini tulishaona kwamba ujazo hauwezi kuwa chini ya 181. Jibu lake limetoka nje ya mipaka ya vipimo vyake mwenyewe. Vipimo vilikuwa vizuri na kuzidisha kulikuwa sahihi. Kilichoharibu ni ile 104.88 iliyogeuzwa 100 katikati ya safari, ambapo karibu asilimia 5 ya thamani ilikatwa, zaidi ya shaka ya vipimo vyote vitatu kwa pamoja.

Namna ya kulizuia ni kufanya hivi. Zidisha vyote kwa mkupuo mmoja kwenye kikokotoo. Kama ni lazima upite kwa hatua, usiiandike upya namba ya katikati, itumie kwa kitufe cha `Ans` ili tarakimu zote zibaki ndani ya mashine. Na kama unataka kuionyesha hatua ya katikati kwenye daftari, ambalo ni jambo zuri, bakiza angalau tarakimu mbili zaidi ya zile utakazohitaji mwishoni. Hapa ungeandika 104.9, kisha 104.9 mara 1.8 ni 188.82, kisha 190. Anayetumia majedwali ya hisabati ya tarakimu nne naye yuko salama kwa kazi hii, kwani tarakimu nne zinatosha kubeba jibu la tarakimu mbili au tatu bila kuliumiza.

Kukadiria kwenyewe ni kutazama tarakimu moja tu, ile ya kwanza miongoni mwa zinazoachwa. Ikiwa ni 5 au zaidi, ongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho inayobaki. Ikiwa ni 4 au chini, iache kama ilivyo. Kwa 188.784 hadi tarakimu mbili, zinazobaki ni 1 na 8, ya kwanza inayoachwa ni 8, kwa hiyo 18 inakuwa 19, na nafasi ya mamoja inajazwa kwa sifuri: 190. Usianzie mwisho wa namba ukirudi mbele hatua kwa hatua. Chukua 2.449 hadi tarakimu mbili: ukianzia mwisho utapata 2.45, kisha 2.5. Ukitazama tarakimu ya kwanza inayoachwa, ambayo ni 4, utapata 2.4, na hilo ndilo jibu. 2.449 iko karibu zaidi na 2.4 kuliko 2.5, hata kwa macho inaonekana.

Kosa jingine la hapohapo ni kusahau ile sifuri ya kujazia na kuandika 19. Mbao ya sentimita za ujazo 190 imegeuka ya 19. Njia ya kuligundua ni kukisia kichwani kabla: 20 mara 6 mara 2 ni 240, kwa hiyo jibu la 19 au la 1,900 halina nafasi.

Tatizo la 190

Jibu letu lina udhaifu mmoja. Anayesoma 190 hajui kama sifuri ya mwisho imepimwa au imejazwa tu. Inaweza kuwa tarakimu muhimu mbili, inaweza kuwa tatu. Dawa yake ni namna ya kisayansi, yaani namba moja kabla ya nukta ikizidishwa kwa kipeo cha kumi:

```
V = 1.9 x 10^2 cm^3
```

Hapo hakuna wa kubishana: tarakimu mbili. Kama sifuri ingekuwa imepimwa kweli, ungeandika 1.90 x 10^2. Nawashauri wanafunzi waitumie kila jibu linapoishia na sifuri kabla ya nukta. Wasioipenda waandike sentensi fupi pembeni, "kwa tarakimu muhimu mbili". Mtahini akiiona hana sababu ya kukisia ulimaanisha nini.

Kurudia kwa kalipa

Tumeshajua kwamba unene ndio uliotuangusha, ukifuatiwa na upana. Sasa chukua kalipa ya venia, ambayo husoma hadi milimita 0.1, yaani sentimita 0.01. Funga taya zake kwanza bila kitu na uangalie kama sifuri mbili zimekutana. Kama hazikukutana, iandike tofauti hiyo na uirekebishe kwenye kila kipimo. Pima unene sehemu tatu tofauti za mbao, katikati na karibu na ncha mbili, kwa sababu randa haikati sawasawa kila mahali. Tuseme wastani wa unene ni 1.83 na wa upana ni 5.68. Urefu tunauacha 18.4 kwa rula, kwani kalipa nyingi za skuli huishia sentimita 15.

Mara hii kila kipimo kina tarakimu tatu. Zao la kuzidisha ni 191.25696, na jibu ni sentimita za ujazo 191. Ukirudia hesabu ya mipaka, ya chini inatoka 190.0 na ya juu 192.5. Shaka iliyokuwa karibu sentimita za ujazo 15 kutoka chini hadi juu imeshuka hadi mbili na nusu. Urefu haukuguswa kabisa. Tarakimu ya tatu imekuja kwa sababu ya kubadilisha chombo kwenye vipimo viwili vifupi, na hakuna njia nyingine ya halali ya kuipata.

Kuendelea hadi densiti

Jaribio hili kwa kawaida haliishii kwenye ujazo. Mbao inapimwa tungamo kwenye mizani, na densiti inatafutwa kwa kugawanya. Tuseme mizani imesoma gramu 117.3, tarakimu muhimu nne. Kugawanya kuna kanuni ileile ya kuzidisha.

Kwa vipimo vya kalipa, gawanya 117.3 kwa 191.25696, si kwa 191, kwani ujazo sasa ni namba ya katikati. Unapata 0.61331, na kwa tarakimu tatu jibu ni gramu 0.613 kwa sentimita ya ujazo. Kwa vipimo vya rula, 117.3 kwa 188.784 ni 0.62135, jibu ni 0.62. Majibu haya mawili hayapingani. La rula linaruhusu thamani yoyote kati ya 0.597 na 0.647, na lile la kalipa limo ndani yake. Lakini yule aliyekadiria mapema akapata 180, akigawanya atapata 0.65167, aandike 0.65, na sasa amekwenda nje tena.

Angalia pia kwamba mizani yenye tarakimu nne haikuleta tarakimu ya nne kwenye jibu. Wenye mizani nzuri ya kidijitali hupata kishawishi cha kuandika densiti ndefu, na kishawishi hicho kinafaa kukatwa mapema. Mbao yenyewe ina mipaka yake: hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo kipande hichohicho kitakuwa kizito kidogo zaidi wakati wa masika kuliko wakati wa kiangazi. Kuhangaikia gramu 0.01 kwenye mbao iliyokaa wazi maabara hakuna faida.

Namba ambazo si vipimo

Si kila namba ndani ya hesabu huingia kwenye kuhesabu tarakimu muhimu. Namba iliyohesabiwa moja moja haina shaka. Chukua karafuu kavu 50, zipime pamoja, mizani isome gramu 4.7. Karafuu moja kwa wastani ni 4.7 kugawanya kwa 50, gramu 0.094. Tarakimu ni mbili kwa sababu ya 4.7. Ile 50 haipunguzi wala haiongezi kitu, kwani hazikuwa karafuu 49 na nusu. Ni hivyohivyo kwa 2 iliyo kwenye kanuni ya mzingo wa duara, na kwa 100 ya kubadilisha mita kuwa sentimita. Namba ya pai, π, itumie kama ilivyo kwenye kikokotoo. Ukiandika 3.1 wewe mwenyewe, umetengeneza shaka ambayo haikuwapo kwenye vipimo.

Jihadhari na kitu kimoja kinachopita kimyakimya: kipimo kilichopatikana kwa kutoa. Bika yenye chumvi ina gramu 134.6, na tupu ina 132.1. Kila namba ina tarakimu nne, lakini chumvi ni gramu 2.5, tarakimu mbili tu. Kwenye kujumlisha na kutoa kinachotazamwa ni nafasi za desimali, si idadi ya tarakimu. Ukienda kuizidisha hiyo 2.5 na kitu kingine, unaingia na tarakimu mbili, hata kama jedwali lako limejaa namba za tarakimu nne.

Pale kanuni inapokuwa kali mno

Kanuni hii ni njia ya mkato ya kubeba shaka, na kama njia zote za mkato, pengine hukosea kidogo. Hutokea hasa kipimo chenye tarakimu chache kinapoanza na 9 au 8. Chukua 9.8 mara 1.24. Zao ni 12.152, na kanuni inadai tarakimu mbili, yaani 12. Lakini nusu milimita kwenye 9.8 ni asilimia 0.5 tu, karibu sawa na shaka ya 1.24. Mipaka inatoka 12.04 na 12.26. Ukiandika 12, msomaji ataelewa kati ya 11.5 na 12.5, upana mkubwa mara nne na zaidi kuliko ule unaoujua. Jibu la haki zaidi ni 12.2.

Kwenye mtihani fuata kanuni kama ilivyo, au idadi ya tarakimu iliyotajwa kwenye swali lenyewe. Kwenye jaribio lako la maabara, ambapo una nafasi ya kueleza, andika hesabu ya mipaka miwili chini ya jedwali na uweke 12.2. Mwalimu akiuliza tarakimu ya tatu imetoka wapi, mwonyeshe mistari hiyo miwili.